"Mama, mbona feni haijazimika?" Jinsi ya kuutambua mlio wa masikioni kwa mtoto

Umeme ulikatika usiku, Tanga, katikati ya joto la mwezi wa pili. Feni ya dari ikamalizia mizunguko yake, ikasimama. Mtoto wa miaka tisa, nitamwita Salimu ingawa si jina lake, akauliza gizani: "Mama, mbona feni haijazimika?" Mama yake akacheka, akamwambia alale. Kesho yake akawasimulia majirani, nao wakacheka.

Miezi miwili baadaye walikuja katika chumba cha kupimia usikivu ninakofanya kazi. Hawakuletwa na feni, waliletwa na imla. Mwalimu akisoma "bata", Salimu anaandika "pata". Akisoma "kidole", anaandika "kitole". Nilikuwa nimeshamaliza maswali yangu na ninaandaa mashine, ndipo mama, akitafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba, akasema, "Na huyu naye ana vituko, kuna siku umeme umekatika akaniambia anasikia feni." Alilisema kama kichekesho cha kupitisha muda. Mimi nikaizima mashine, nikavuta kiti.

Habari ya mlio wa masikioni kwa mtoto hufika karibu kila mara kwa namna hiyo, pembeni ya mazungumzo, wakati watu wanakusanya vitu vyao. Watu wazima wana maneno yake: masikio yanavuma, yanalia, yanapiga mluzi. Madaktari huita tinitasi, yaani kusikia sauti ambayo haitoki nje. Mtoto hana neno lolote kati ya hayo, na hapo ndipo tabu inapoanza.

Kwanza, elewa kwa nini analitaja kama jambo dogo

Mtu mzima masikio yakianza kuvuma leo anajua jana hayakuvuma. Mtoto ambaye mlio umekuwa naye tangu akiwa na miaka mitatu hana jana ya kulinganisha. Kwake, hivyo ndivyo ukimya unavyosikika. Nimeshawahi kuulizwa na msichana wa darasa la tano, kwa mshangao kabisa, "Kwani wewe usiku husikii chochote?" Hakuwa ameficha kitu miaka yote hiyo. Hakuona kama kuna habari ya kusema, kama wewe usivyomweleza mtu kwamba unaiona pua yako mwenyewe kwa pembe ya jicho.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto mdogo hatenganishi vizuri sauti ya ndani na ya nje. Anachosikia anakitafutia mahali pa kukiweka, akakiweka kwenye feni, kwenye friji, kwenye nyenje wa nje, kwenye mbu aliyeingia chandaruani. Kwa hiyo anachokuambia hakifanani na malalamiko ya ugonjwa. Kinafanana na swali kuhusu feni.

Sababu ya tatu iko kwetu. Mtoto anayesema sikio linalia hujibiwa, "Kuna mtu anakusema," na mazungumzo yanaishia hapo kwa kicheko. Kwingine hujibiwa kwa hofu: mtoto anasikia vitu ambavyo wengine hawasikii, basi yamempata mashetani. Mtoto akiona mara moja jinsi nyuso za wakubwa zinavyobadilika, hatasema tena, au atasema kwa mzaha ili apime kwanza.

Lakini usiruke upande wa pili ukadhani kila mtoto anayetaja mlio ni mgonjwa. Utafiti uliofanywa eneo la Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwauliza watoto zaidi ya elfu saba wenye umri wa miaka 11 hivi. Katika kila watoto 100, kama 28 walisema wamewahi kusikia mlio wa namna hiyo. Waliosumbuliwa nao kwa kiwango cha kuhitaji msaada walikuwa kama 3. Wengi wanaoutaja kiutani, basi, wanautaja hivyo kwa sababu kweli hauwasumbui. Tatizo ni kwamba wale watatu nao huutaja kwa sauti ileile. Ninachowaambia wazazi ni kwamba jinsi mtoto anavyotamka haikuambii uzito wa jambo. Uzito utauona katika anavyofanya mahali penye ukimya.

Hatua ya 1: Ikamate sentensi

Zipo sentensi ambazo ukizisikia inafaa uziandike, hata kwenye simu, pamoja na tarehe. "Kichwa changu kina kelele." "Zima hiyo redio," na redio imezimwa. "Kuna mvua?" wakati bati liko kavu. "Nyuki wamerudi." "Sikio langu linaongea." Hii ya mwisho huwatisha watu, lakini kwa mtoto wa miaka minne "linaongea" huweza kuwa na maana ya "linatoa sauti" tu.

Usimrukie palepale. Mwambie, "Enhe, ikoje?" kwa sauti ya kawaida, kisha msikilize sentensi mbili tatu. Ukimkalisha chini usiku huohuo na kumhoji huku umeshika moyo, utakuwa umemfundisha kwamba sauti yake ni ya kuogopwa, na mlio unaoogopwa husikika zaidi.

Hatua ya 2: Muulize kesho yake, bila kumlisha maneno

Watoto hupenda kukubali. Ukimuuliza, "Unasikia kama filimbi, eti?" atasema ndiyo, na kuanzia hapo itakuwa filimbi. Ndiyo maana anza na swali pana mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele au mnatembea kwenda dukani: "Ukiwa umelala na kila kitu kimezimwa, unasikia nini?" Mwache ajibu. Akisema "sisikii kitu", usimsukume.

Akisema anasikia, fuata kwa maswali manne, moja baada ya jingine: Inafanana na nini? Iko wapi? Huwa inakuja lini? Inakufanyaje? Swali la nne ndilo linalobeba uzito. Salimu alijibu la kwanza kwa kuvumisha mdomo, "vuuuu", la pili kwa kugusa masikio yote mawili, la tatu, "usiku, na nikiwa na mafua." La nne alinyamaza, kisha akasema, "Siwezi kumsikia mwalimu vizuri, sasa nikisema ataniuliza feni gani."

Ili kujua kama anajibu kukuridhisha, changanya swali ambalo jibu lake unalijua. Mimi huuliza, "Na magoti yako je, huwa yanatoa sauti ukilala?" Anayecheka na kusema hapana ananipa imani kwamba aliposema ndiyo kwa masikio alimaanisha. Anayesema ndiyo kwa masikio, magoti na mto, namwacha, namuuliza tena baada ya wiki. Mtoto asiyependa kuongea mpe karatasi na penseli, achore sauti yake. Hutashangaa akichora kitu kimoja mara mbili kwa siku tofauti. Ukiona hivyo, kipo anachokisikia kweli.

Hapa pana mpaka mmoja wa kuufahamu. Mlio wa masikioni ni sauti isiyo na maneno: uvumi, mluzi, mngurumo, kugongagonga, hata wimbo usioeleweka. Mtoto anayesikia watu wakimwita, wakimwamuru au wakimtukana, na hakuna mtu, ana jambo lingine linalohitaji daktari kwa njia yake. Mtajie daktari tofauti hiyo waziwazi. Usiyachanganye mawili hayo, wala usikubali mtu mwingine ayachanganye kwa mtoto anayesikia feni tu.

Hatua ya 3: Tafuta sauti inatoka wapi

Kwanza hakikisha haitoki nje kweli. Hili watu huliruka. Masikio ya watoto hunasa sauti nyembamba ambazo ya mtu wa miaka 40 yamekwishaziacha, na chaja ya simu, taa au televisheni iliyo kwenye umeme inaweza kupiga mluzi ambao wewe huusikii. Chomoa vyote, au mpeleke mtoto chumba kingine, au subiri umeme ukatike. Sauti ikibaki mahali ilipokuwa, ni ya nyumba. Ikimfuata, ni yake.

Pili, uliza ni sikio moja au yote. Mwambie azibe moja kwa kidole, kisha jingine, aonyeshe. Wengine husema "katikati ya kichwa", na hilo ni jibu halali.

Tatu, na hii ndiyo muhimu kuliko zote, mwambie akupigie sauti yake kwa kidole mezani. Akivuta kidole bila kukikatisha, ni mlio wa kuendelea. Akigonga, du, du, du, shika mkono wake mwingine penye mapigo, chini ya kidole gumba, ulinganishe. Ikiwa kidole na mshipa vinakwenda pamoja, anasikia damu yake inavyopita. Hali hiyo inaweza kuletwa na homa, na maji nyuma ya ngoma ya sikio, na upungufu mkubwa wa damu. Mtoto mwenye selimundu anayeanza kusikia mapigo yake masikioni asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe akapimwe damu. Mara chache chanzo ni mshipa wenyewe, na hilo hujulikana kwa vipimo vya picha. Vyovyote iwavyo, mlio unaokwenda na mapigo ni wa daktari.

Kuna pia wanaosikia kitu kama saa, tik tik tik za harakaharaka zisizofuata mapigo. Mara nyingi hiyo ni misuli midogo ya ndani ya sikio au ya kaakaa inayoshtukashtuka. Ukiweka sikio lako karibu na lake, wakati mwingine utaisikia na wewe, na mtoto hufurahi sana kupata shahidi.

Hatua ya 4: Mtazame siku saba, hasa palipo kimya

Wiki hii usimuulize kitu. Tazama. Je, anataka redio iwake ndipo alale? Anahamia kitanda cha ndugu yake usiku ingawa haogopi giza? Akilala kwa ubavu, anainua kichwa mtoni na kugeuka, kwa sababu sikio lililozibwa na mto linavuma zaidi? Asubuhi anaamka amechoka? Akisoma peke yake kimya anakasirika haraka kuliko akisoma sebuleni penye watu? Anaziba masikio kwa sauti ambazo wenzake hawazijali, kama sufuria kuanguka? Anasema "nini?" mara ngapi wakati wa chakula?

Mama yake Salimu, tulipopitia maswali haya, aliguna. Mwaka mzima mtoto alikuwa anaomba mlango wa chumba uachwe wazi asikie televisheni, na mwaka mzima alikuwa anakatazwa kwa kuwa anapenda mno televisheni. Hakuwa akitaka televisheni. Alitaka kitu cha kuifunika feni yake.

Andika unachokiona katika mistari michache tu: siku, saa, alifanya nini, alikuwa na mafua au hapana. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Hatua ya 5: Kumbuka nyuma

Kabla ya kwenda hospitali, jaribu kukumbuka mambo matatu. La kwanza ni sikio lenyewe: aliwahi kutoa usaha, kuumwa sikio mara kwa mara, kuumwa homa ya uti wa mgongo, kuanguka na kugonga kichwa? Anakoroma na kupumulia mdomo kama wenye nyama za puani?

La pili ni dawa. Hapa wazee wetu walikuwa na elimu kubwa bila kuiita elimu. Aliyetibiwa malaria kwa kwinini anajua masikio yanavyovuma siku ya pili, hadi unaongea kwa kupayuka. Mvumo huo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya atesuneti badala ya kwinini kwa malaria kali ya watoto, kwa hiyo kizazi hiki hakiijui sana hali hiyo, lakini kwinini haijatoweka. Za kuogopwa zaidi ni sindano za jamii ya jentamaisini na amikasini, ambazo huokoa maisha ya watoto mahututi lakini zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja, na baadhi ya dawa za saratani. Mtoto aliye kwenye matibabu hayo akitaja mlio, hata kwa utani, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Usikatishe dawa mwenyewe. Na aspirini asipewe mtoto nyumbani kabisa. Kuvuma masikio ni mojawapo ya madhara yake, na si baya kuliko yote.

La tatu ni makelele. Mtoto aliyekaa jirani na spika kwenye harusi kuanzia jioni hadi usiku wa manane anaweza kuamka masikio yanalia. Yakinyamaza ndani ya siku moja hivi, ameponea, ila onyo amelipata. Kipimo cha bila mashine ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, hapo si mahali pa mtoto kukaa. Hedifoni nazo ziko hapohapo. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linataka wastani usizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, chini ya kiwango cha mtu mzima ambacho ni 80.

Na katika kukumbuka huko, jiulize pia ni nini kimeshawekwa sikioni. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu, kijiti cha njiti ya kiberiti, ufunguo. Sikulaumu, karibu kila nyumba ina dawa yake. Lakini ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, chochote unachodondosha kinaingia ndani kabisa, na kijiti cha pamba huishia kuisukuma nta ikagusa ngoma, na nta iliyogusa ngoma yenyewe huleta mlio. Kuanzia leo hadi sikio litazamwe, lisiingizwe kitu.

Hatua ya 6: Hospitali, na kitakachofanyika huko

Kwenda haraka, siku hiyohiyo, ni pale mtoto anapopoteza kusikia ghafla, anapopata kizunguzungu kikali, uso unapolegea upande mmoja, au mlio ulipoanza baada ya kugonga kichwa. Ndani ya siku chache ni usaha unaonuka usiokauka, mlio wa sikio moja tu, na ule wa mapigo. Na mtoto anayesema hataki kuishi na kelele hiyo asiachwe peke yake. Hilo nalo ni la siku hiyohiyo. Wengine wanaweza kusubiri miadi ya kawaida. Anzia kituo cha afya, kwa sababu nta na maambukizi huonekana kwa kifaa chenye taa kilichopo hapo. Kwa vipimo zaidi uliza kliniki ya masikio, pua na koo yenye huduma ya kupima usikivu.

Ukifika, sema jambo la mlio mwanzoni. Sema, "Mtoto anasikia sauti kama ya feni, kwenye masikio yote, zaidi usiku na akiwa na mafua, tangu lini sijui." Ukilisubirisha hadi mlangoni, litapokelewa kama la mlangoni.

Kwa Salimu tulifanya vipimo vitatu. Kwa taa, ngoma zote mbili zilikuwa nzima lakini zimefifia, hazing'ai. Kisha kifaa kinachosukuma hewa kidogo sikioni kuona kama ngoma inacheza. Zake hazikucheza, mchoro ukatoka mstari mlalo kama barabara. Mwisho hedifoni na kibonyezo: akisikia kidogo tu, abonyeze. Hapa ndipo watoto wenye mlio hukosewa. Sauti ya mashine ikiwa ya kuendelea, mtoto haitofautishi na mlio wake, anabonyeza wakati hakuna kitu, na mpimaji asiyejua anaandika "hashirikiani". Dawa yake ni kutumia sauti ya kukatika-katika, pip pip pip, ambayo feni ya kichwani haiwezi kuiga. Ukiona mtoto wako anabonyeza ovyo, mwambie mpimaji, "Ana mlio masikioni." Ni sentensi fupi inayoweza kubadilisha chati nzima.

Chati ya Salimu ilionyesha kwamba sauti ndogo kabisa aliyoisikia ni ya desibeli 30 sikio la kulia na 35 la kushoto, wakati kwa mtoto tunategemea asizidi 20. Tulipoweka kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio, akasikia vizuri kabisa. Maana yake sikio la ndani na neva ni zima, na kizuizi kiko katikati: majimaji mazito nyuma ya ngoma, yanayobaki baada ya mafua. Kwa watoto hali hii ni ya kawaida, haiumi, haina homa, na ndiyo maana hukaa miezi bila mtu kujua.

Majimaji hayo mara nyingi huondoka yenyewe, kwa hiyo tulipanga kusubiri miezi mitatu na kupima tena, si kukimbilia antibaiotiki. Yakigoma na mtoto hasikii vizuri, kuna kijibomba kidogo sana kinachowekwa kwenye ngoma kuingiza hewa, au shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, ya kuvaa kwa muda. Mtoto ambaye usikivu wake umepungua kweli, shimesikio mara nyingi hupunguza na mlio, maana sauti za nje zikirudi, ile ya ndani inapata ushindani. Dawa ya kunywa inayofuta mlio wenyewe haipo. Ukiuziwa sindano za vitamini kwa ajili hiyo, umeuziwa vitamini.

Hatua ya 7: Mweleze mtoto, kwa lugha yake

Mtoto huogopa asichoelezwa. Nilimwambia Salimu hivi: "Unajua redio ikikosa stesheni inavyovuma? Stesheni ikiwa mbali, mtu anaongeza sauti, na mvumo nao unaongezeka. Masikio yako yana maji kidogo, sauti za nje zinafika zimechoka, ubongo wako umeongeza sauti ili umsikie mwalimu. Ule uvumi ndio feni yako." Akauliza kama feni inaweza kuharibika. Nikamwambia haiwezi kumuumiza, na haimaanishi atakuwa kiziwi. Mama yake akashusha pumzi kabla ya mtoto.

Maelezo haya ni ya kurahisisha, lakini hayamdanganyi. Usimwahidi kwamba utaisha wiki ijayo.

Hatua ya 8: Usiku na darasani

Usiku, ondoa ukimya mtupu. Feni halisi, dirisha lililo wazi kidogo, redio ya chini sana penye mazungumzo. Sauti iwe chini ya mlio, isiufunike kabisa. Lengo ni ubongo uuone mlio kama mojawapo ya sauti za chumbani, uuzoee. Hedifoni za kulalia hapana. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, redio ya betri inatosha.

Shuleni, nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu wa darasa, usimtume mtoto. Omba vitu viwili tu: akae mbele, sikio linalosikia vizuri likimwelekea mwalimu, na imla isomwe mwalimu akiwa amemwelekea, si akiwa anazunguka nyuma ya madawati. Kwenye mtihani, dirishani penye sauti ndogo ya nje panamfaa kuliko kona iliyo kimya kabisa.

Kisha acha kuuliza kila siku. Nyumbani kwa Salimu bibi yake alikuwa anamuuliza kila asubuhi, "Mjukuu wangu, feni imeamkaje?" Kwa mapenzi kabisa. Tulimwomba aulize mara moja kwa mwezi.

Baada ya miezi mitatu walirudi. Sikio la kulia ngoma ilicheza, desibeli 15. La kushoto lilikuwa bado, 30, tukaandika tarehe nyingine na barua kwa daktari aangalie nyama za puani, maana alikuwa anakoroma. Mama akaniambia umeme ulikatika tena juzi. Safari hii alimuuliza mwenyewe gizani, na mtoto akakaa kimya kidogo akisikiliza, kisha akajibu, "Imebaki ya kushoto tu," akageuka akalala.